Pangaboi au kiyoyozi? Chumba cha kulala na hesabu ya LUKU

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam halilali. Mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku ni shida kushuka chini ya 24 au 25, tena hewa ikiwa imejaa unyevu. Ukiwa chini ya paa la bati, katika kuta za tofali za saruji zilizopigwa jua tangu asubuhi, hali ya ndani huwa mbaya kuliko ya nje. Shuka linalowana, watoto wanahamia sakafuni, na kesho yake baba au mama wa nyumba anaanza kuulizia bei za viyoyozi Kariakoo.

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye chumba kimoja cha kulala kinachomtesa, awe amejenga au amepanga, na ambaye ananunua umeme kwa LUKU. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Vyumba vingi vya Dar vinahitaji kwanza pangaboi lililofungwa vizuri. Kiyoyozi kikihitajika, kisaidiane na pangaboi kwa saa chache za usiku, kisichukue nafasi yake. Sababu zangu ni mbili: namna mwili unavyopoa, na namna bei ya umeme ilivyopangwa.

Kila kimoja kinafanya kazi gani

Pangaboi halipozi chumba. Weka kipimajoto mezani, washa pangaboi usiku kucha, na asubuhi utakuta kipimo hakijashuka kwa sababu ya pangaboi. Kinachopoa ni ngozi yako. Mwili hutoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto, na upepo unaharakisha kukauka huko. Ndiyo maana mtu aliyelala chini ya pangaboi katika chumba cha nyuzi 29 hujisikia kama yuko kwenye nyuzi 26 hivi. Kwa maana hiyohiyo, kuliacha pangaboi likizunguka chumbani wakati hakuna mtu ni kupoteza umeme, kwa sababu hapo halina ngozi ya kupoza, na mota yake yenyewe inaongeza joto kidogo.

Pangaboi lina ukomo. Hewa ikifika karibu nyuzi 35, ambazo ni karibu na joto la ngozi, upepo unaanza kukuletea joto badala ya kukuondolea, na unabaki kutegemea jasho peke yake. Usiku wa Dar kwa kawaida haufiki huko nje, lakini chumba kilicho chini ya bati kinaweza kukaribia saa za jioni.

Kiyoyozi kinafanya kazi nyingine kabisa. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba yaliyopoa, na kuirudisha. Joto linatupwa nje na lile boksi la nje. Njiani unyevu unageuka maji kwenye mabomba na kutiririka kwenye mpira unaotoka ukutani. Usidharau maji yale. Katika mji wa pwani, nusu ya raha ya kiyoyozi ni kukausha hewa, ndiyo maana nyuzi 27 ndani ya chumba chenye kiyoyozi zinakubalika mwilini kuliko nyuzi 27 za barazani.

Kabla ya kununua chochote: tafuta joto linatoka wapi

Watu wengi hununua kiyoyozi ili kupambana na dari. Fanya kipimo hiki kwa usiku mbili tatu za joto. Unahitaji kipimajoto cha kawaida cha chumbani tu.

1. Saa moja jioni, panda kwenye kiti na uweke kiganja darini, kisha ukiweke kwenye ukuta unaotazama magharibi. Dari likiwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa muda si mrefu, chanzo chako ni bati. Ukuta ukiwa wa moto, chanzo ni jua la alasiri.

2. Saa nne usiku, soma joto la kitandani, kisha toka na kipimajoto nje, kiache dakika kumi mahali penye hewa, na usome tena.

3. Rudia saa tisa usiku kama umeamka. Kama hukuamka, hiyo nayo ni habari njema.

Sasa linganisha. Ndani kukiwa na joto kuliko nje kwa nyuzi 3 au zaidi, chumba chako kimefungia joto la mchana na hakipumui. Hapo dawa ya kwanza ni kufungua njia ya hewa: madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, na matundu ya paa yasiyozibwa na viota vya ndege au mbao za fundi. Pangaboi likifuata hapo utaona tofauti kubwa. Ndani na nje kukiwa sawa, na nje kwenyewe ni nyuzi 28 na zaidi hadi usiku wa manane, basi ni hali ya hewa yenyewe. Hapo pangaboi litakufikisha mbali, na zilizobaki ni zile siku mbaya za Februari ambazo kiyoyozi kina hoja.

Dari likiwa ndilo tatizo, shughulika nalo kwanza hata kama umeshaamua kununua kiyoyozi. Kuweka magodoro ya kuzuia joto juu ya jipsamu, au hata kupaka bati rangi nyeupe, kunapunguza mzigo ambao ungeulipia kila usiku. Pangaboi chini ya dari la moto lina kasoro moja ambayo wauzaji hawaitaji: linaisukuma ile hewa ya moto ya darini iteremke kitandani. Kama jioni unahisi pangaboi linapuliza joto, hilo ndilo linalotokea.

Hesabu ya umeme, na mtego wa uniti 75

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende taratibu.

TANESCO ina makundi ya bei kwa wateja wa majumbani. Kundi la D1 ni la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi ni shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida, na uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18 na tozo za EWURA na REA, uniti ya D1 inakuwa shilingi 122 na ya T1 karibu shilingi 356. Ndiyo maana watu wa D1 wanaijua kwa moyo ile 9,150 inayotoa uniti 75.

D1 ni ya nyumba ambayo matumizi yake ya wastani hayavuki uniti 75 kwa mwezi. Nyumba ikiendelea kuvuka, inahamishiwa T1. Na ikihamishwa, si kiyoyozi peke yake kinacholipiwa bei mpya. Taa, friji na televisheni navyo vinapanda bei mara tatu.

> Kisanduku: jua bei ya uniti yako
> Chukua risiti yako ya mwisho ya LUKU. Gawanya kiasi kilichotumika kununulia umeme kwa idadi ya uniti ulizopata. Kama risiti ina makato ya kodi ya jengo au deni, yatoe kwanza. Jibu likiwa karibu 122, uko D1. Likiwa karibu 356, uko T1. Bei hubadilika, kwa hiyo amini risiti yako kuliko mwongozo huu.

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, kina watu wawili, kiko chini ya bati lenye dari la jipsamu. Nyumba ina friji dogo, taa, televisheni na simu za kuchaji, na inatumia uniti 50 kwa mwezi. Wanalala kwa saa tisa.

*Pangaboi.* La kawaida linakula wati 70 likiwa kasi ya juu. Kwa saa tisa ni uniti 0.63, na kwa mwezi ni 19. Nyumba inafika uniti 69, inabaki D1, na bili nzima ni kama shilingi 8,400. Pangaboi lenyewe limeongeza kama shilingi 2,300 tu.

*Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 9,000, usiku kucha.* Kompresa ikiwaka kinakula kama wati 850. Haiwaki muda wote, tuseme asilimia 60 ya usiku. Hiyo ni uniti 4.6 kwa usiku, au 138 kwa mwezi. Nyumba inafika uniti 188, na kwa bei ya T1 ni kama shilingi 66,900.

*Kiyoyozi cha inveta cha ukubwa huohuo, usiku kucha.* Hiki hakizimi na kuwaka, kinapunguza kasi chumba kikishapoa. Tukikipa wastani wa wati 380, ni uniti 103 kwa mwezi. Nyumba inafika 153, sawa na shilingi 54,500.

*Inveta kwa saa tatu za kwanza, pangaboi usiku kucha.* Zile saa tatu za mwanzo ni nzito kwa sababu kuta bado zina moto, kwa hiyo tuzipe wati 600. Pamoja na pangaboi ni uniti 73 kwa mwezi. Nyumba inafika 123, kama shilingi 43,800.

Njia ya mwisho inatumia umeme pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko inveta ya usiku kucha, na kwa usingizi si mbaya, kwa sababu saa inayotutesa zaidi ni ile ya kuanza kulala. Lakini angalia kitu kingine kilichojificha. Ukiitumia miezi minne tu, Desemba hadi Machi, ongezeko juu ya bili ya pangaboi ni kama shilingi 35,400 kwa mwezi, yaani karibu 142,000 kwa msimu. Nyumba ikishahamia T1 na kubaki huko, miezi minane iliyobaki ya pangaboi na friji haitakuwa tena shilingi 8,400. Uniti zilezile 69 zitakuwa karibu shilingi 24,600. Tofauti hiyo kwa miezi minane ni kama 129,000. Kwa hiyo bili ya kuhama kundi inakaribia kulingana na bili ya kiyoyozi chenyewe, na unailipa Julai ukiwa umejifunika blanketi.

Kwa nyumba ambayo tayari iko T1, kwa sababu ya hita ya maji, pasi ya kila siku au jiko la umeme, mtego huu haupo. Hapo hesabu ni nyepesi: zidisha uniti za kiyoyozi kwa bei yako, basi. Kwa nyumba ya D1, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako *kabla* ya kununua, uulize kuhama kunafanyika lini na masharti ya kurudishwa ni yapi, ukiwa na namba ya mita mkononi.

Ukichagua pangaboi

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 hadi 3 kwa 4, pangaboi la inchi 48 linatosha. Kikizidi hapo, chukua la inchi 56. Yapo pia yenye mota ya DC na rimoti, yanayokula kama wati 30 badala ya 70. Ni ghali zaidi dukani, ila kwa nyumba iliyo pembeni mwa uniti 75 yanaokoa kama uniti 11 kwa mwezi, na kwenye sola yenye betri hayana mpinzani. Kwa pangaboi la kawaida, omba regulata ya kapasita. Regulata za zamani zile kubwa zinazopata moto zinapunguza kasi bila kupunguza umeme sawasawa, kwani sehemu yake inaishia kwenye joto la ukutani.

Ufungaji ndio unaoamua kama utalala kwa amani. Msimamie fundi kwa mambo haya:

1. Kulabu ishike kwenye zege au kwenye mbao imara iliyopigiliwa kwenye kenchi, juu ya dari. Jipsamu haishiki pangaboi. Pangaboi lina kilo chache tu, lakini likizunguka linavuta na kutikisa usiku kucha kwa miaka.

2. Mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni, na sentimita 20 hadi 30 chini ya dari. Likibanwa sana darini halipati hewa ya kuvuta, na utapata kelele bila upepo. Kutoka ncha ya panga hadi ukutani iwe si chini ya nusu mita.

3. Pini za usalama, ile ya kwenye kulabu na ile ya kwenye bomba la kuning'inizia, ziwekwe na kukunjwa. Mwambie fundi akuonyeshe kabla hajafunika kikombe cha juu.

4. Liwashwe kasi ya juu kwa robo saa ukiwa umesimama hapo. Likiyumba, mara nyingi panga moja limepinda au skrubu zake hazijakazwa. Pima kutoka dari hadi ncha ya kila panga. Lililotofautiana ndilo.

Sasa chandarua. Katika nyumba zetu kile cha duara hufungwa kwenye msumari katikati ya dari, palepale pangaboi linapotaka kukaa. Nimeona chumba ambacho mwenyewe alikisogeza chandarua pembeni kwa kamba, upepo ukakipeperusha, panga likakikamata, likakizungushia kwenye mota na kuung'oa msumari pamoja na kipande cha jipsamu. Bahati njema kitandani hakukuwa na mtu. Kwa hiyo, ukifunga pangaboi, hamia kwenye chandarua cha pembe nne chenye fremu au nguzo za kitanda, kilichovutwa kikakaza, na sehemu yake ya juu iwe chini ya mapanga kwa nafasi ya kutosha. Chandarua kinapunguza upepo, hilo halikwepeki, na ndiyo sababu nyingine ya kuchukua pangaboi lenye nguvu na kuliweka juu ya kitanda, si katikati ya chumba kwa ajili ya urembo. Usiache chandarua kwa sababu una upepo.

Ukichagua kiyoyozi

*Ukubwa.* Kwa chumba cha mita za mraba 12, BTU 9,000 inatosha, na inatosha hata chini ya bati kama dari limewekewa kizuia joto. Chumba cha mita za mraba 16 hadi 20 kinahitaji BTU 12,000. Kuna imani kwamba kikubwa zaidi kinapoza haraka na hivyo kinaokoa. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi, hasa kisicho cha inveta, hupoza hewa kwa dakika chache, kikazima kabla hakijakausha unyevu. Unabaki na chumba cha baridi chenye unyevunyevu, shuka likinata.

*Inveta au la.* Kwa mtu anayekitumia saa nyingi kila usiku, inveta inalipa. Kwa mtu wa mwezi mmoja kwa mwaka, cha kawaida kinaweza kutosha. Soma kibao kilichobandikwa ubavuni: tafuta wati zinazoliwa, si BTU peke yake. Viyoyozi viwili vya BTU 9,000 vinaweza kutofautiana sana hapo.

*Chumba kizibike.* Dirisha la vioo vya luva haliwezi kuziba, na kulipia kiyoyozi katika chumba chenye luva ni kupoza uchochoro. Ama ubadilishe dirisha, au uliwekee kioo kizima kwa ndani. Matundu ya hewa juu ya mlango na dirisha, yale ya nyumba za pwani, nayo yazibwe kwa kifuniko kinachofunguka, kwa sababu utayataka tena Juni. Chini ya mlango weka mpira. Usiku wa kwanza, zungusha kiganja chenye maji kwenye kingo za dirisha na mlango kiyoyozi kikiwa kimewaka. Pale unapohisi hewa ya vuguvugu, pazibe.

*Waya.* Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye bodi ya umeme, wa milimita za mraba 2.5 kwa BTU 9,000, na breka yake. Kukichomeka kwenye ekstensheni pamoja na friji ni njia ya kuunguza nyumba. Ishara ya waya mdogo ni plagi yenye moto, harufu ya plastiki, au taa kufifia kila kompresa inapowaka. Ukiona moja kati ya hizo, zima na umwite fundi umeme aliyesajiliwa. Kama mtaani kwenu umeme huwa mdogo jioni, weka kifaa cha kulinda kinachokata umeme ukishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kompresa inayolazimishwa kuanza kwa umeme dhaifu huungua.

*Boksi la nje* likae kivulini penye hewa, lisipulize ukutani kwa karibu. Nyumba zilizo karibu na bahari zinaharibiwa na chumvi, kwa hiyo lioshwe kwa maji safi mara kwa mara, la sivyo mapezi yake ya aluminiamu yatamomonyoka na kuwa unga.

Namna ya kuvitumia pamoja

1. Jua likizama na nje kukianza kupoa, fungua madirisha kwa muda wa saa moja ili joto la mchana litoke. Usilipie kompresa kazi ambayo upepo ungeifanya bure.

2. Nusu saa kabla ya kulala, funga, washa kiyoyozi kwa `COOL`, weka nyuzi 26 au 27. Kuweka 16 hakuharakishi kupoa katika kiyoyozi cha kawaida. Kinaendelea tu bila kupumzika.

3. Washa pangaboi kasi ya chini. Ndilo linalofanya nyuzi 27 zitoshe.

4. Weka `TIMER` kizime baada ya saa tatu. Usiku wa mvua, chumba kikiwa na unyevu kuliko joto, jaribu `DRY`.

5. Asubuhi soma salio la uniti kwenye kidude cha LUKU na ulinganishe na la jana usiku. Ukifanya hivyo kwa siku chache za pangaboi peke yake na siku chache za vyote viwili, utakuwa na hesabu ya nyumba yako, iliyo bora kuliko yangu ya hapo juu.

Ukitaka kujua kama umeibiwa au umepuuza

Chujio la boksi la ndani lioshe mwenyewe kila wiki mbili hadi nne wakati wa msimu. Fungua kifuniko, vuta, osha kwa maji, kausha kivulini. Hewa ikipungua na maji yakianza kudondoka chumbani, anza na chujio na mpira wa kutolea maji kabla ya kumpigia mtu simu. Mara nyingi ni ukungu au wadudu walioziba mpira.

Lingine ni gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi akikuambia kila baada ya miezi sita kwamba "gesi imeisha", mwombe atafute na kuziba tundu kwanza. Barafu kwenye bomba jembamba la nje, au upepo usio na baridi ingawa kompresa inaunguruma, ni dalili za kuvuja au za chujio lililoziba. Osha chujio, subiri siku moja, kisha ndipo umwite.

Ambao wasisubiri, na wapangaji

Mtoto mchanga, mzee sana, mjamzito aliyekaribia kujifungua, na mgonjwa wa moyo au anayetumia dawa zinazopunguza jasho, hawa joto linawaumiza kabla hawajalalamika. Kwa chumba chao, kama jioni kipimajoto kinakaa juu ya 32 na hakishuki, kiyoyozi kisihesabiwe kuwa anasa, hata kama kitaihamisha nyumba kwenda T1. Upepo wa kifaa chochote usimpige mtoto usoni moja kwa moja. Chumba cha ghorofa ya chini kando ya barabara ya vumbi, au ambacho dirisha haliwezi kuachwa wazi kwa hofu ya wezi, nacho kina sababu halali, kwa kuwa pangaboi katika chumba kilichofungwa linazungusha tu pumzi za waliolala.

Kama umepanga, mambo mawili yamalizwe kabla fundi hajatoboa ukuta. La kwanza ni mita. Mkishea LUKU na wapangaji wengine na kuchanga sawa, kiyoyozi chako kitawafanya wenzako walipie usingizi wako, na nyumba nzima itahamia bei ya T1. Omba mita yako, au funga kamita kadogo ka kuhesabia kwenye waya wa kiyoyozi na mkubaliane kwa maandishi. La pili ni tundu na vyuma vya boksi la nje. Mwambie mwenye nyumba, mwandike kwenye mkataba nani ataziba ukuta na nani atabaki na kiyoyozi siku ukihama. Pangaboi halina mlolongo huo: unafungua skrubu nne, unaacha kulabu, unaondoka nalo.